Jembe la Tano Katika Eka Moja

Kila inapozuka habari ya vijana wasio na kazi humu Visiwani, hakosekani kiongozi wa kusimama jukwaani na kuwataka warudi shamba wakashike jembe. Neno hilo ni jema, na sisi pia tumelisema mara nyingi. Leo lakini tunauliza swali ambalo aghalabu huachwa bila ya jawabu: jembe hilo likashikwe katika ardhi ipi, na likishashikwa litaongeza nini?

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iliitwaa ardhi na kuwagawia wananchi vipande vya eka tatu tatu. Hesabu ya watu ya 1967 ilitukuta tukiwa kiasi cha laki tatu na nusu. Ile ya 2022 ilitukuta tukikaribia milioni moja na laki tisa. Watu wamekuwa zaidi ya mara tano ya wale wa mwanzo, bali eka tatu zimebaki eka tatu.

Natuchukue mfano, ambao ni wa kuelezea hesabu tu, wa eka moja ya mpunga wa mvua bondeni. Mtu mmoja akiilima peke yake atavuna, tuseme, magunia 4. Maana akiinama kupalilia, ndege wanakula, na akisimama kuamia ndege, magugu yanamea. Akija wa pili wakagawana kazi, mavuno yatafika magunia 9. Hapo ndipo wazee wetu waliposema kweli kwamba mkono mmoja haulei mwana. Wa tatu atayafikisha 12, na wa nne 13. Wa tano akiingia, magunia ni 13 yale yale, kwani magugu aliyokuja kuyang'oa yamekwisha kung'olewa. Na wa sita atayashusha hadi 12, kwa kuwa sasa miche inabananishwa na kukanyagwa.

Tusimlaumu huyo wa tano kwa uvivu. Lau angetangulia yeye kuwa wa pili, naye angeongeza magunia 5. Kilichopungua si nguvu za mikono yake, bali ni udongo, maji na nafasi ya kuzitumia nguvu hizo.

Hapa ndipo hesabu za maofisini zinapotupoteza. Afisa anayekagua bonde hilo huyagawa magunia 13 kwa watu watano, akaandika kwamba kila mmoja amezalisha zaidi ya magunia mawili na nusu. Hesabu yake haina kosa, ila haikuulizwa. Swali ni kwamba akiondoka mmoja, kitapungua nini? Katika mfano wetu, hakipungui kitu.

Kwa nini basi asiondoke? Arthur Lewis, mtaalamu wa uchumi ambaye naye alikuwa mtu wa kisiwani, mzaliwa wa Santa Lusia, alilieleza jambo hili katika makala yake ya 1954, na mwaka 1979 akatunukiwa Nobeli. Tajiri huajiri kwa kutazama atakachoongeza mtu wa mwisho. Ama jamaa, hula chungu kimoja. Kijana wa tano hapewi kile alichoongeza, hupewa fungu sawa na wenziwe. Kwa hiyo hatoki mpaka apate kazi inayomlipa kushinda fungu hilo, na nduguze hawamfukuzi, kwa kuwa ni damu yao. Huo ni utu, wala hatuubezi. Lakini ukosefu wa kazi uliofichwa ndani ya shamba haukuondoka, ila umeacha kuonekana.

Tahadhari moja yafaa kushikwa. Ziada hiyo ya watu si ya siku zote. Wakati wa kupandikiza na wa kuvuna, mikono yote mitano huhitajika, na bonde likiachwa na watu wachache mno mpunga utapukutika. Anayetaka kujua hali ya shamba na alitazame baina ya misimu hiyo: jembe moja linapokezanwa na wengine wamekaa, palizi inarudiwa mahali palipokwisha kuwa safi, na ardhi iliyokuwa ikipumzishwa sasa inalimwa kila mwaka mpaka imechoka.

Basi tunawaomba wakuu wetu, kabla ya kumrudisha kijana shamba, waulize ameacha watu wangapi huko. Pakiwa pamejaa, kinachohitajika si jembe jingine. Maji ya mfereji yatakayoleta msimu wa pili yatampa huyo wa tano kazi halisi katika eka ile ile, japo nayo yatakuwa na mwisho wake. La sivyo, atafutiwe kazi nje ya shamba. Siku atakayotoka, bonde litavuna magunia 13 kama kawaida, na chungu cha nyumbani kitagawiwa watu wanne.