Kisanduku cha herufi 80 na mguu wa mjomba

Leo naweka kando lugha za programu niwasimulie kisa cha mjomba wangu, fundi wa magari, pamoja na fomu moja ya bima. Mwishoni mtaona kwamba kosa lilikuwa letu sisi waandishi wa programu kuliko tunavyopenda kukubali.

Mjomba aliumwa kiuno kwa wiki saba. Maumivu yalishuka kutoka makalioni, yakapita pembeni ya mguu wa kulia hadi juu ya wayo. Daktari akataka apigwe picha ya MRI. Picha hiyo ni ghali, kwa hivyo kampuni ya bima hailipi mpaka hospitali iombe idhini kwanza. Ombi likatumwa. Baada ya siku nne jibu likaja: limekataliwa, uhitaji wa kitabibu haujaonyeshwa.

Mjomba alifura. "Mpwa wangu, wewe si ndiwe mtu wa kompyuta? Hebu niambie hiyo mashine yao imenionaje kwamba siumwi!"

Nikaenda naye hospitalini, nikamwomba karani wa dawati la bima anionyeshe alichotuma. Kulikuwa na kodi ya ugonjwa, `M54.5`, ambayo maana yake ni maumivu ya kiuno tu, na chini yake maneno haya: maumivu ya mgongo kwa miezi miwili, MRI ya kiuno. Basi.

Nikasema moyoni, hata mimi ningekataa.

Tusiwaonee watu wa bima. Wanaoumwa kiuno ni wengi mno, na wengi wao hupata nafuu bila picha yoyote. Tena MRI huona mengi kupita kiasi. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu wasioumwa mgongo hata kidogo, wakakuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ukimpiga kila mtu picha utaona "ugonjwa" kwa karibu kila mzee, na wengine watapasuliwa bure. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2007 unasema picha isubiri, isipokuwa kuna dalili za neva kuharibika, au kuna shaka ya jambo kubwa kama saratani au maambukizi. Muuguzi anayesoma ombi kule kwenye bima anatafuta mambo ya namna hiyo. Asipoyaona kwenye karatasi, kwake hayapo.

Sasa sikilizeni. Kwa mjomba yalikuwapo! Alikuwa amemwambia daktari kwamba ndara inamvuka mguu wa kulia akitembea, na yeye hana habari mpaka akanyage changarawe. Hiyo ndara ndiyo ombi lenyewe. Maana yake misuli ya kuinua wayo imelegea, na ikilegea hivyo, pamoja na maumivu yanayofuata njia ile, mtu hushuku neva ya L5 imebanwa. Daktari alikuwa ameandika hayo kwenye faili. Lakini karani alipofika kwenye skrini ya kuombea idhini, akakuta hiki:

```html
<input name="sababu" maxlength="80">
```

Herufi themanini. Ndara haikuingia.

Nakiri mbele yenu: miaka mitatu iliyopita niliandika fomu kama hiyo kwa zahanati moja. Nilichagua urefu wa kisanduku kwa kuangalia kama kinapendeza kwenye skrini. Sikumuuliza daktari hata mmoja kinaandikwa nini humo.

Daktari alimpima mjomba upya, na safari hii aliandika barua kamili na kuiambatisha. Nawaeleza ilivyopangwa, kwa sababu mpango wake ndio hoja yangu.

Kwanza, muda na matibabu yaliyokwisha kujaribiwa: wiki sita za dawa za maumivu na vipindi vinane vya fiziotherapia, bila nafuu. Pili, alichokiona kwa mikono yake. Mguu wa kulia ukiinuliwa ukiwa umenyooka, maumivu hushuka hadi wayoni kufikia nyuzi 40. Kuna ganzi juu ya wayo. Nguvu ya kuinua kidole gumba cha mguu ni 3 kwa 5, yaani kidole kinainuka chenyewe lakini ukikikandamiza kidogo tu kinashindwa. Wiki mbili kabla ilikuwa 4. Tofauti hiyo ya 4 na 3 ina uzito kuliko neno "maumivu makali" likiandikwa mara kumi, kwa sababu inaonyesha neva inazidi kudhoofika.

Tatu, yale yasiyokuwapo: hana homa, hajakonda, anakojoa kama kawaida. Msomaji wa bima hupata imani akiona daktari ameyatafuta hayo. Na hapa nawaonya: mtu mwenye maumivu ya kiuno akipata ganzi sehemu anazokalia, au mkojo ukakataa kutoka, hiyo ni dharura. Aende hospitali saa hiyo hiyo, asikae kungoja idhini.

Nne, swali ambalo picha italijibu: je, diski kati ya pingili za L4 na L5 imebana neva ya L5 upande wa kulia? Ikiwa ndiyo, anapelekwa kwa daktari wa upasuaji. Ikiwa siyo, chanzo kitatafutwa kwingine. Eksirei haitoshi, kwa kuwa inaonyesha mifupa lakini haionyeshi diski wala neva. Kodi nayo ikabadilishwa kuwa `M51.1`, ya diski inayoathiri mzizi wa neva.

Idhini ilipatikana kesho yake. Picha ikaonyesha diski imetokeza pale pale palipotajwa. Mjomba alipasuliwa, maumivu yakaisha, ila kidole gumba hakijarudi kikamilifu. Siwezi kudai kwamba siku zile zilizopotea ndizo zilizomnyima. Lakini huniwia vigumu kuzisahau.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Wenzangu tunaoandika mifumo ya hospitali, tuvunje kile kisanduku kimoja. Tuweke sehemu ya matibabu yaliyojaribiwa, ya matokeo ya uchunguzi pamoja na tarehe zake, ya dalili za hatari zilizopo na zisizopo, na ya swali la picha. Yajazwe na daktari aliyemgusa mgonjwa, yasijazwe na karani anayekisia kutoka kwenye faili. Najua mtasema daktari hana muda. Kweli, lakini mjomba alipokataliwa, daktari huyo huyo alimpima mara ya pili na kuandika barua nzima. Muda ulitumika tu, tena mara mbili.

Barua nzuri ina mipaka yake pia. Haiongezi fedha kama kiwango cha bima kimekwisha, wala haifuti ugonjwa uliotengwa kwenye mkataba. Na asije mtu akamwomba daktari aandike udhaifu usiokuwapo: huo ni ulaghai, na faili la ziara zilizotangulia litamuumbua.

Wewe msomaji usiye daktari wala mwandishi wa programu, ombi lako likikataliwa, usianze kwa kugombana. Omba uone kilichotumwa. Kisha jiulize: ndara yangu imo humo?

Haya, semeni nanyi. Nangoja maoni yenu hapo chini, hasa kutoka kwa walio kwenye madawati ya bima.