Faiba, ruta au bando: hesabu ya Mutoyi

Mheshimiwa Mhariri,

Watu wengi hulinganisha intaneti kwa bei iliyoandikwa kwenye tangazo. Huku Mutoyi, mlimani Gitega, hesabu hiyo hutudanganya.

Mkongo wa BBS umeunganisha miji mikuu ya mikoa, lakini kutoka mjini hadi nyumba ya mlimani ni safari nyingine. Anayefikiwa na faiba aichukue, mradi akumbuke kwamba kifaa chake cha ndani huzimika umeme ukikatika.

Sisi wengine tuna ruta ya laini ya simu au bando. Tuseme watu 4 nyumbani kila mmoja ananunua bando la wiki la faranga 5,000. Wiki ni siku 7, mwezi ni 30, kwa hiyo nyumba hiyo hulipa karibu faranga 86,000, na salio la kila mmoja huisha muda kivyake. Wakilipia ruta moja 60,000 kwa mwezi wanaokoa 26,000, na kilichobaki kwa mzee kinatumiwa na mtoto.

Ila ruta na simu za mtandao mmoja hutegemea mnara mmoja. Mnara ukizimika, vyote hukatika pamoja. Kwa hiyo mimi huweka laini ya pili ya mtandao mwingine, bila bando, naijaza siku ya shida tu. Na kabla ya kununua ruta, azima ya jirani, ijaribu saa 2 usiku ndani ya nyumba yako, si mchana barabarani.

Msomaji wako,
Mutoyi