Barua ya onyo itaje tarehe na dakika

Barua ya onyo inayosema tu kwamba "umekuwa ukichelewa kazini kila mara licha ya kukanywa" haimsaidii mtu yeyote. Mfanyakazi hajui analaumiwa kwa siku gani. Mwajiri naye, kesi ikifika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, hana cha kuonyesha ila hasira yake. Barua za aina hii zimejaa katika karakana, maduka na viwanda vidogo vya Eastlands, kuanzia Kariobangi hadi Embakasi, ambako mwenye kazi ndiye msimamizi, mhasibu na karani kwa wakati mmoja. Tunasema ziandikwe upya, na tunaeleza namna.

Tuchukue mfano. Fundi wa karakana ya samani huko Kariobangi Light Industries anaishi Kayole. Kazi inaanza saa 1:30 asubuhi. Mwezi wa Februari 2025 alichelewa mara kadhaa, na tarehe 13 msimamizi akamkanya kwa mdomo, kisha akaandika maneno mawili matatu kwenye faili na kutia tarehe. Machi daftari la langoni likaonyesha siku tano zaidi. Tarehe 3 aliingia saa 1:52, tarehe 6 saa 1:49, tarehe 11 saa 2:10, tarehe 14 saa 1:47, na tarehe 19 saa 2:05.

Waajiri wengi hapo wangechapa barua jioni hiyohiyo. Huyu asifanye hivyo. Kwanza ampe fundi karatasi yenye tarehe hizo tano na kumtaka ajieleze, kisha ampe siku mbili au tatu za kujibu. Akae naye, na fundi akitaka kuja na mwenzake wa kazini, aruhusiwe. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinadai haya kabla ya mtu kufutwa kwa utovu wa nidhamu: aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na utetezi wake usikilizwe. Kifungu hicho hakizungumzii onyo. Lakini onyo ndilo litakalotegemewa siku ya kufutwa, kwa hiyo likitolewa bila kumsikiliza mhusika, kasoro hiyo itafuatana nalo hadi mahakamani.

Manufaa ya kusikiliza yanaonekana papo hapo. Fundi wetu anatoa kadi ya hospitali: tarehe 11 alimpeleka mtoto usiku na akatoka huko asubuhi. Siku hiyo inaondolewa. Kuhusu siku nyingine anasema ni msongamano wa Jogoo Road. Msimamizi anafungua daftari na kuona kwamba wenzake wawili wanaotoka Kayole walifika kwa wakati siku hizo zote nne. Sasa ana hoja inayosimama, na haikumlazimu kugombana na mtu. Kama wenzake hao nao wangekuwa wamechelewa, asingekuwa na haki ya kumchagua mmoja. Mahakama huangalia jinsi mwajiri alivyoshughulikia visa vya aina hiyo hapo awali.

Barua yenyewe basi inakuwa hivi:

"25 Machi 2025. Onyo la kwanza kwa maandishi: kuchelewa kazini. Kazi yako huanza saa 1:30 asubuhi. Kwa mujibu wa daftari la mahudhurio, ulifika saa 1:52 tarehe 3 Machi, saa 1:49 tarehe 6, saa 1:47 tarehe 14 na saa 2:05 tarehe 19. Jumla ni dakika 93. Ulikanywa kwa mdomo tarehe 13 Februari. Tulikusikiliza tarehe 24 Machi ukiwa na mwenzako. Tumekubali maelezo yako kuhusu tarehe 11 Machi, na siku hiyo haimo katika onyo hili. Maelezo kuhusu siku nyingine nne hatukuyakubali, kwa sababu wenzako wanaotoka Kayole walifika kwa wakati. Kuanzia leo unatakiwa kuwa kazini saa 1:30. Ukipatwa na dharura, mpigie msimamizi simu kabla ya saa hiyo. Onyo hili litadumu miezi sita, hadi tarehe 25 Septemba 2025. Ukichelewa tena bila sababu katika muda huo, utaitwa ujieleze, na hatua kali zaidi inaweza kufuata, hata kuachishwa kazi. Usiporidhika, mwandikie mwenye karakana ndani ya siku tano za kazi."

Hakuna neno "mvivu" humo, wala "mkaidi", wala "tabia yako mbaya". Dakika 93 zinatosha. Na kama fundi anasoma Kiswahili vizuri kuliko Kiingereza, iandikwe kwa Kiswahili. Hakuna sheria inayodai onyo liwe kwa Kiingereza.

Chini kuwe na nafasi ya sahihi yenye maneno "Nimepokea barua hii". Wafanyakazi wengi hukataa kutia sahihi wakidhani wanakiri kosa, na waajiri wengi huchukulia kukataa huko kuwa kosa jipya. Wote wawili wanakosea. Sahihi ni ya kupokea tu. Akikataa, shahidi mmoja aandike kwamba barua ilisomwa na kukabidhiwa mbele yake, na mambo yaishie hapo.

Yako makosa mawili yanayowaponza waajiri hata baada ya barua nzuri. La kwanza ni kukata mshahara wa siku nzima kwa sababu ya dakika 20. Kifungu cha 19 kinaruhusu kukata mshahara wa siku pale mfanyakazi asipofika siku nzima bila ruhusa wala sababu halali. Aliyechelewa na kufanya kazi hadi jioni hahesabiwi hivyo. La pili ni kumfuta mtu kwa tarehe zilezile alizokwisha kuonywa. Hizo zimeshaadhibiwa. Lazima pawe na kosa jipya, maelezo mapya na kikao kipya.

Tuseme pia kuhusu imani kwamba sheria inadai maonyo matatu. Sheria ya Ajira haitaji idadi. Idadi hutoka katika mkataba wa kazi, kanuni za kampuni au makubaliano ya chama cha wafanyakazi, na pale ilipoandikwa ni lazima ifuatwe. Kifungu cha 45 kinasema tu kwamba mahakama, ikipima kama kufutwa kulikuwa kwa haki, iangalie kama kulikuwa na barua za onyo. Barua tatu zilizochapwa siku moja zikawekewa tarehe tofauti ni udanganyifu, na kumbukumbu za kompyuta huufichua. Mwajiri akishindwa, anaweza kuamriwa kulipa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Wafanyakazi nao wasiitupe barua. Waisome, wahakikishe tarehe, wajibu kwa maandishi ndani ya muda uliotolewa na kubaki na nakala. Mwenye sababu ya kudumu, kama mama anayelazimika kusubiri lango la shule lifunguliwe, aiseme kabla ya kuonywa, aombe kuanza saa 2:00 na kutoka nusu saa baada ya wenzake. Tunawaomba waajiri walikubali ombi la namna hiyo pale kazi inaporuhusu, na waliandike.

Na karakana isiyo na daftari la mahudhurio na saa moja ya ukutani inayotumiwa na wote, meneja akiwemo, inunue vitu hivyo kwanza kabla ya kumwandikia mtu onyo.