Mwandikie anayekuuzia mahindi, usimnung'unikie

Mfanyabiashara mmoja wa upande wa Kenya, pale Namanga, alinionyesha simu yake mwezi uliopita. Ilijaa ujumbe wa sauti aliomtumia mtu anayemletea mahindi kutoka Tanzania. "Kaka, umeniua." "Kaka, safari hii tena?" Majibu yalikuwa yaleyale kila mara: pole dada, haitajirudia. Ikajirudia. Miezi sita ilipita hivyo, na alikuwa tayari kumwacha na kutafuta mwingine.

Nilimuuliza magunia mabaya yalikuwa mangapi. Akasema ni mengi. Nikamuuliza malori mangapi yalichelewa. Akasema karibu yote. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa maoni yangu. Neno "mengi" halimshtui muuzaji, na mtu aliyeambiwa "umeniua" hutafuta maneno ya kukutuliza badala ya kutafuta kosa lilipo.

Bahati nzuri, mama huyu ana daftari. Tulikaa nalo jioni moja. Katika miezi hiyo alipokea malori sita, kila moja magunia 300 ya kilo 90. Makubaliano yao yalikuwa kwamba gunia lenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, kiwango cha juu cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi, au lenye ukungu na punje zilizooza, linakataliwa, na yakizidi magunia 2 katika kila 100 muuzaji anabeba hasara. Magunia yaliyokataliwa, lori kwa lori, yalikuwa 14, 9, 41, 11, 47 na 22. Jumla ni 144 kati ya 1,800, yaani asilimia 8, mara nne ya walichokubaliana.

Upande wa kuchelewa, malori yaliyochelewa yalikuwa manne, si "karibu yote". La pili lilichelewa siku tatu, la tatu siku tano, la tano siku sita na la sita siku mbili. Na lile la pili, daftari lilisema wazi, lilichelewa kwa sababu yeye mwenyewe alichelewa kutuma malipo ya awali. La sita lilikwama mpakani kwa sababu muuzaji alibadilisha lori dakika za mwisho, na cheti cha afya ya mimea kikawa na namba ya lori la kwanza.

Tazama sasa lori la tatu na la tano. Ndiyo yaliyochelewa kuliko yote, na ndiyo yaliyoleta magunia mabaya kuliko yote: 88 kati ya 144. Mama alikumbuka jambo lingine. Siku ya kushusha, vibarua walipochoma bambo kila gunia, mabaya karibu yote yalikuwa nyuma, karibu na mlango wa lori. Hayo ndiyo yanayopakiwa mwisho. Kwa hiyo mzigo haukuharibika safarini, kwani mvua ikipenya turubai haichagui magunia ya mwisho kupakiwa. Mzigo ulianza vizuri ukamaliziwa vibaya.

Barua aliyoandika ilikuwa fupi. Alianza na salamu na kumshukuru kwa malori ya kwanza, kisha akaandika: "Kaka, katika malori sita nimekataa magunia 144 kati ya 1,800. Tulikubaliana yasizidi 36. Malori manne yalichelewa. La pili ni kosa langu, malipo yangu yalichelewa, na ninatuma ya awali siku mbili kabla kuanzia sasa. Matatu ni ya upande wako. Magunia mabaya ya lori la tatu na la tano yalikuwa mlangoni. Naomba uniandikie ndani ya siku saba: kilichotokea ghalani siku za kupakia, sababu yake, utakachobadilisha, nani atakisimamia na kuanzia lini, na nitajuaje kwamba kimebadilika. Kabla ya hapo sitatuma malipo ya lori la saba."

Ile sehemu ya kukiri kosa lake nilimsisitizia asiiondoe. Muuzaji anajua vizuri nani alichelewesha lori la pili. Ukilibandika juu yake, atatumia siku saba kulipinga hilo moja na kuyaacha matatu.

Jibu la kwanza lilikuja siku ya tatu: ni mvua, na atakuwa makini. Mama alilirudisha. Mvua ilinyesha kwa wauzaji wote, na "kuwa makini" hakuna anayeweza kukukagua. Alimuuliza swali moja tu: mahindi mabichi yaliingiaje kwenye lori langu?

Jibu la pili ndilo lililokuwa ripoti ya kweli. Muuzaji aliandika kwamba alipokuwa akisema "mzigo tayari", ghalani kulikuwa na magunia kama 220. Yaliyobaki aliyakusanya vijijini lori likiwa limeshafika, huku akilipia kila siku ya kusubiri. Kwa haraka hiyo alinunua yaliyopatikana. Unyevu aliupima kwa chumvi: unatia punje na chumvi kavu kwenye chupa, unatikisa, na chumvi ikiganda kwenye chupa mahindi ni mabichi. Njia hii ni nzuri shambani, lakini huonyesha unyevu unaozidi asilimia 15 hivi. Mahindi ya asilimia 14 na nusu yanapita kwenye chupa na kukataliwa Namanga. Mengi ya magunia yaliyokataliwa yalikuwa hapo katikati.

Kwa hiyo ubovu na ucheleweshaji, alivyokuwa akivilalamikia kama makosa mawili, vilikuwa kosa moja: kuuza mzigo ambao bado hauko ghalani. Marekebisho yakaandikwa hivyo. Lori haliitwi mpaka magunia 300 yawe ghalani na yamepimwa kwa kipima unyevu cha umeme, na picha za vipimo zitumwe kabla ya malipo. Namba ya lori inahakikiwa kwanza, ndipo cheti kinaombwa. Kipima kilinunuliwa kwa kuchangia nusu kwa nusu, na sehemu ya muuzaji inakatwa katika malori matatu. Wapo watakaosema mnunuzi hapaswi kuchangia. Mimi naona ni bei ndogo kuliko magunia 144.

Kuna ambayo ripoti kama hii haiwezi kumdai muuzaji. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikafungua ndani ya siku chache kwa masharti, likiwamo cheti kinachoonyesha aflatoksini haizidi sehemu 10 katika bilioni. Lori lililokwama siku zile halihesabiwi kwenye safu ya kuchelewa kwa muuzaji. Wala kipima unyevu hakipimi sumu. Gunia kavu, lenye punje safi machoni, laweza kuwa nayo, na kipimo cha sumu yenyewe pekee ndicho kitakachosema, tena kwa sampuli iliyochotwa katika magunia mengi, kwa kuwa sumu hii hukaa kwa mafungu.

Malori matatu yaliyofuata yaliwasili na magunia 12, 5 na 7 ya kukataliwa: 24 kati ya 900, bado juu kidogo ya kiwango. Moja lilichelewa siku mbili. Lile lenye 12 lilikuwa na picha za vipimo za magunia 260 tu, na mama alilipa bila kuzihesabu. Wiki hii amemwandikia tena kuhusu yale 40.