Kutengeneza slaidi kwa simu bila kompyuta: nini kifanywe leo, nini kingoje



Siku hizi mabaraza yetu ya parokia hupenda kuonyeshwa mambo ukutani kwa projekta. Kurasa zinazoonyeshwa hivyo twaziita slaidi. Wengi hudhani ya kwamba asiye na kompyuta hawezi kuzitengeneza, naye hungoja mpaka apate ya kuazima. Anayeazimwa kompyuta kwa nusu saa asubuhi ya mkutano, naye hajaandika lolote, atamaliza nusu saa hiyo katika kupaka rangi, na maneno yenyewe yatakosekana. Tuone basi namna ya kumaliza kazi nzima kwa simu, na mambo gani yafaa kuahirishwa.

Tuchukue mfano. Jumuiya moja ya msingi yataka kujengea chemchemi yake. Jumapili baada ya misa baraza la parokia litachagua kazi moja tu kati ya mbili zilizoombewa fedha: chemchemi hiyo, au mabati ya ukumbi. Katibu wa jumuiya amepewa dakika kumi za kusema. Leo ni Jumatano. Ana simu janja, daftari na kalamu. Katika ukumbi wa parokia kuna projekta na kompyuta ya ofisi, lakini ataigusa kompyuta hiyo Jumapili asubuhi tu.

Kwanza daftari

Simu isifunguliwe bado. Kioo chake ni kidogo, nacho huonyesha ukurasa mmoja tu vizuri; anayetunga humo hupoteza mfuatano wa mawazo. Katibu aandike katika daftari vichwa vya kurasa zake, kila kichwa sentensi kamili yenye kusema jambo. Asiandike «Maji», kwa maana neno hilo halisemi kitu. Aandike hivi:

1. Chemchemi yetu: maombi ya jumuiya kwa baraza la parokia.
2. Nyumba 62 zachota maji mahali pamoja.
3. Maji yatosha: bidoni ya lita 20 yajaa kwa sekunde 50.
4. Taabu iko mahali pa kuchotea: watu na mbuzi hukanyaga humo humo.
5. Twataka kujenga ukuta, bomba 2, mfereji na uzio.
6. Jumuiya yatoa mawe, mchanga na mikono.
7. Twaomba mifuko 12 ya simenti na bomba 2.

Sasa asome vichwa hivi saba kwa sauti, bila kuongeza neno. Mtu wa nyumbani akielewa ombi na sababu yake, mfupa wa kazi umekwisha kupatikana. Asipoelewa, hakuna picha itakayomsaidia.

Katika ukurasa wa tatu lazima hesabu iwe sahihi, maana hapo ndipo baraza litauliza. Sekunde 50 kwa lita 20 ni lita 24 kwa dakika, yaani lita 1.440 kwa saa. Nyumba 62, kila moja ikichota bidoni tatu kwa siku, zahitaji lita 3.720. Hizo zatoka kwa muda wa saa mbili na nusu na dakika chache. Kumbe maji si haba. Ubaya ni matope. Hesabu hiyo ndefu ibaki katika daftari, tayari kwa jibu. Ukutani yatosha bidoni na sekunde zake.

Pili simu

Programu ya Google Slides hupatikana bila malipo. Katibu aanzishe faili mahali penye mtandao, kisha aiwekee alama ya kutumika bila mtandao. Tangu hapo aweza kuendelea nyumbani. Kazi yake hukaa katika simu, na kusafiri simu itakapopata mtandao tena. Ajihadhari na jambo moja: kabla mtandao haujarudi, mtu mwingine akifungua faili ile ile mahali pengine ataona kazi ya zamani. Basi aandike mtu mmoja, wengine wamwambie makosa yao kwa mdomo.

Anapoongeza ukurasa, programu humwonyesha miundo iliyo tayari: wa kichwa peke yake, wa kichwa na maneno, wa sehemu mbili, na mingine. Achague mmojawapo, aandike ndani ya visanduku vyake. Asitengeneze visanduku vyake mwenyewe na kuvivuta kwa kidole. Kidole ni kinene. Kila ukurasa kichwa kitakaa mahali pengine, na ukutani kitaonekana kama kinarukaruka. Ukurasa wa kwanza wenye maneno ukipendeza, abonyeze picha yake ndogo kwa muda, ainakili, abadili maneno tu. Hivyo zote zitafanana.

Herufi ziwe Arial, ambayo karibu kila kompyuta inayo. Ukubwa wa maneno usipungue 24, na ukurasa usipite maneno 25 hivi. Maneno yakitoka nje ya kisanduku upande wa chini, asipunguze herufi, apunguze maneno.

Picha zipigwe simu ikiwa imelala, kwa sababu ukurasa wa slaidi ni mpana. Picha iliyosimama huacha nafasi tupu pande mbili. Akate sehemu zisizohitajika kabla ya kuiingiza, katika mahali pa picha pa simu yenyewe, si ndani ya Google Slides. Picha iliyokuja kwa WhatsApp imepunguzwa uzito. Kwa kuonyeshwa ukutani yatosha, tena faili haitakuwa nzito wala kula vifurushi vya mtandao. Lakini akitaka kukata kipande kidogo ndani ya picha, kwa mfano mguu wa mbuzi ndani ya maji, aombe picha ya asili, itumwe kama «Document».

Kipimo cha benchi la nyuma

Hapa ndipo simu hudanganya watu. Tunapoandika, twapanua ukurasa kwa vidole viwili, na kila neno laonekana kubwa. Aliye benchi la mwisho hawezi kupanua ukuta.

Kipimo chake ni rahisi. Tuseme picha ukutani ina upana wa mita 2, na benchi la mwisho liko mita 9 mbali. Umbali ni mara nne na nusu ya upana. Katika simu iliyolazwa, ukurasa una upana wa sentimita 13 hivi. Mara nne na nusu yake ni karibu sentimita 60. Basi katibu aonyeshe ukurasa kwa kioo kizima, bila kuupanua, anyooshe mkono wake mpaka mwisho, asome. Anavyoona yeye, ndivyo atakavyoona mzee wa benchi la nyuma. Tena macho ya mzee si macho ya kijana. Afadhali amwite baba au mama yake asome badala yake. Neno linalomshinda liongezwe ukubwa au liondolewe.

Tatu PDF

Ijumaa jioni kurasa saba zikiwa tayari, aingie «Partager et exporter», halafu «Enregistrer sous», achague PDF. Faili ya PDF hubeba herufi na mahali pa kila kitu. Kompyuta ya ofisi haitabadili mistari. Faili ya PowerPoint yaweza kubadilika: kompyuta ikikosa herufi zilizotumika huweka nyingine, mistari hukatika pengine, na kichwa hufunika picha. Aifungue PDF hiyo katika simu, aipitie kurasa zote saba, kisha amtumie mtu wa ofisi, naye ajibu ya kwamba imefunguka kwake. Asitegemee kuunganisha simu na projekta kwa waya siku hiyo, kwa sababu simu nyingi za bei ndogo hazitoi picha kwa waya.

Maneno atakayosema yabaki katika karatasi. Kuanzia hapa kazi imekamilika. Hata kompyuta ikifungwa Jumapili na umeme kukosekana, ana PDF katika simu na daftari mkononi.

Nini kingoje

Kwa kila pambo ajiulize: nikiliondoa, je, baraza litakosa kuelewa au kuamua? Likijibu hapana, lingoje kompyuta. Mambo manne hungoja karibu siku zote.

La kwanza ni maneno na picha zinazoingia kwa kutembea. Programu hii katika simu haina mahali pa kuyatengeneza, na tena katika PDF hayaonekani kabisa. La pili ni nembo ya parokia katika kila ukurasa. Kwa kompyuta huwekwa mara moja katika ukurasa mama, nayo huonekana kote. Kwa simu, kurasa zikiwa zimekwisha kutengenezwa, itabidi ibandikwe katika kila moja, na ni rahisi ikae pabaya. La tatu ni mchoro wa hesabu, ule wa nguzo au duara. Tarakimu mbili zilizoandikwa kubwa husema zaidi ya nguzo mbili zisizosomeka. La nne ni kupanga vitu kwa unyofu kamili. Tofauti ya milimita mbili haitaharibu ombi la simenti.

Lakini mambo mengine yasiahirishwe hata kwa siku moja: mfuatano wa vichwa, usahihi wa hesabu, kipimo cha benchi la nyuma, na PDF. Anayesema «nitahakikisha tarakimu Jumapili» atahakikisha mbele ya baraza.

Na ile nusu saa ya kompyuta itumiwe kwa utaratibu. Kwanza afungue PDF ya Ijumaa kwa projekta yenyewe, atembee mpaka benchi la nyuma, atazame kurasa zote. Dakika zikibaki, atengeneze nakala ya faili, aweke nembo humo, anyoshe picha, atoe PDF ya pili yenye jina jingine. Asiguse ile ya kwanza. Kengele ikilia kabla hajamaliza, ataonyesha ya Ijumaa bila fedheha yoyote, na baraza litajua ya kwamba bidoni yajaa kwa sekunde 50, maji yapo, na kinachokosekana ni mifuko 12 ya simenti na bomba 2.