Neno lako linapokatwa mkutanoni



Juma hili tunazungumza juu ya mwenzetu wa komite anayetukata neno kila tunapofungua kinywa.

Tuliliona jambo hili katika MUSO moja tunayoijua. Mama mtunza sanduku alitaka kuonya kwamba sanduku jekundu, lile la kusaidiana wakati wa ugonjwa ao kilio, lilipungua franka 35.000, kwa kuwa zilitolewa kama mkopo wa biashara. Alianza na salamu, akafuata na hesabu ya sanduku la kijani. Kabla hajafika kwenye jekundu, papa mmoja wa komite akamkata na kuanza kueleza ya kwake. Ilikuwa hivyo mara tatu, mpaka mama akanyamaza. Juma lililofuata mwanachama akafiwa, na pesa hazikutosha.

Tulikaa na mama yule, tukapanga naye mkutano uliofuata.

Kwanza, jambo kubwa litangulie: «Sanduku jekundu limepungua franka 35.000. Naomba tuamue leo zitarudi lini.» Hata akikatwa hapo, watu wamekwisha kusikia na sekretere ameandika.

Akikatwa, asipandishe sauti, wala asicheke kwa haya na kunyamaza. Ainue mkono kidogo, aseme: «Papa, nimebakiza maneno mawili, kisha nitakusikiliza.» Aendelee palepale alipokatiwa. Akirudia toka mwanzo, watu watachoka, naye atakatwa tena.

Tena apatane mapema na mama mwingine wa komite, ambaye atasema: «Tumuache mama amalize hesabu.» Neno hilo likitoka kwa mtu mwingine, halionekani kuwa ugomvi wa watu wawili.

Kisha azungumze na papa yule peke yao, si mbele ya wanachama, na ataje lililotokea bila kumhukumu: «Mkutano uliopita ulinikata mara tatu nikitoa hesabu. Ukiwa na swali, ulishike mpaka nimalize.»

Tusichanganye lakini. Kuna anayeingilia ili kuunga mkono, kisha anakurudishia neno. Huyo hana shida. Shida ni yule ambaye akichukua neno, halirudi tena kwako.

Na kama anayekata ni prezidenti mwenyewe, mwenye kugawa neno? Hapo njia hizi zina nguvu kidogo. Andika hesabu yako kwenye karatasi, mpe sekretere mbele ya mkutano, uombe isomwe na iingie katika rapoti. Karatasi haikatwi neno.

Mama yule alikatwa tena mara moja. Akainua mkono, akamaliza. Siku ileile komite ikapanga tarehe ya kurudisha zile franka 35.000 katika sanduku jekundu.