Anayetaka mikono minene apunguze kwanza kwingine

Barua ya wiki hii imetoka Kisumu, mtaa wa Nyalenda, kwa kijana wa miaka 24 anayesomea ufundi wa umeme chuoni. Ameomba jina lake lisitajwe, nasi tutaheshimu ombi lake. Ananyanyua vyuma mwaka wa 3 sasa katika jimu moja upande wa Kondele. Ana uzani wa kilo 72, kwenye benchi anasukuma kilo 80 mara 6, na anachuchumaa na kilo 100 mabegani. Huyo si mwanagenzi tena, ingawa hajafika daraja la wale wapandao jukwaani kushindana.

“Dada,” anaandika, “mikono yangu imekwama kwenye sentimita 34 tangu mwaka jana. Miguu inakua, kifua kinakua, mikono haitaki. Nikaongeza siku nzima ya mikono kila Jumamosi. Wiki ya 4 kiwiko cha kulia kikaanza kuniuma upande wa ndani, na sasa hata kuinua sufuria ya ugali nahisi. Je, niache?”

Nilipokwenda Kisumu kwa shughuli nyingine nilipitia katika jimu hiyo. Ni chumba cha mabati chenye vyuma vya kuchomelewa na mafundi wa jua kali, na vingine ni makopo yaliyojazwa saruji. Nilikaa na kochi wa pale, mzee aliyefunza vijana wengi, tukahesabu kazi ya kijana huyu kwa kalamu na karatasi. Hesabu hiyo ndiyo iliyotupa jibu, kwa hiyo nawaomba wasomaji wanivumilie kidogo tuipitie.

Kabla ya kuongeza Jumamosi, kijana alikuwa akifanya kwa wiki seti 14 za kifua, 16 za mgongo, 14 za miguu na 10 za mabega. Mikono ilipata seti 6 za misuli ya mbele, ile inayokunja kiwiko, na 6 za misuli ya nyuma, ile inayokinyoosha. Jumla ni 66. Hapo akaongeza seti 20 za Jumamosi, ikawa 86. Usisahau kwamba kila anapovuta chuma kwa ajili ya mgongo, misuli ya mbele ya mkono inafanya kazi pia, na kila anaposukuma benchi, ile ya nyuma inasaidia. Seti 20 zile hazikuangukia mikono iliyopumzika. Ziliangukia viwiko vilivyokwisha kuchoka tangu Jumatatu.

Halafu kochi akamwuliza swali ambalo mimi nisingeliwaza. “Kijana, Jumamosi usiku huwa wapi?”

Kumbe kwao ni Luanda Kotieno, na kila mwisho wa wiki huenda kumsaidia baba yake mdogo kuvua omena. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki juu, na nyavu huvutwa kwa mikono mara kadhaa hadi alfajiri. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu mbele ya mwanga wake, samaki hawakusanyiki, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo katika wiki za giza kijana huyu alikuwa akitoka jimu asubuhi, anapanda matatu, na usiku anavuta nyavu kwa vidole na viwiko vilevile. Hata mkono wa chuma ungelalamika.

Jibu basi ni kwamba asiache, ila apunguze kwanza. Mtu aliyekwisha jenga mwili kwa miaka kadhaa hana nafasi ya kuongeza jambo juu ya yale yote anayofanya. Akitaka kuipa mikono kazi zaidi kwa wiki 6, lazima sehemu nyingine zikubali kulishwa kidogo kwa muda huo. Vijana huogopa hapa. Wanadhani kifua kitanywea kama puto lililotobolewa.

Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, Marekani, walichapisha matokeo ya watu waliofanya mazoezi ya miguu kwa wiki 16, siku 3 kwa wiki, kisha wakapunguziwa kazi kwa wiki 32. Wengine walibakishiwa siku 1 tu kwa wiki, yaani thuluthi ya kazi, na wengine hata chini ya hapo, sehemu 1 katika 9. Vijana wa kati ya miaka 20 na 35 walibaki na unene wa misuli waliokuwa wameupata. Wazee wa miaka 60 na zaidi hawakuwa na bahati hiyo, wao walihitaji zaidi. Lakini kuna sharti moja ambalo wengi hulisahau: kilichopunguzwa ni idadi ya seti, wala si uzito wa vyuma. Kijana wetu akipunguza seti za benchi na pia akashuka kutoka kilo 80 hadi 60, hapo kweli atapoteza.

Kochi akachora ratiba mpya. Jumatano ndiyo siku ya kifua na mgongo, seti 6 na 8, kwa uzito uleule wa zamani, na mwishoni seti 3 za mbele ya mkono na 3 za nyuma. Jumatatu na Ijumaa asubuhi mikono inatangulia, mwili ukiwa na nguvu, kisha miguu seti 4 na mabega seti 2 kila siku. Miguu haijali kama mikono imechoka, ndiyo maana imewekwa nyuma. Kifua kinajali sana, kwa kuwa ukichosha misuli ya nyuma ya mkono kwanza, benchi itakushinda kabla kifua hakijafanya kazi. Kwa hiyo siku ya Jumatano benchi hutangulia. Jumatatu mikono inapata seti 8, Jumatano 6, Ijumaa 6. Misuli ya mbele imepanda kutoka 6 hadi 10 kwa wiki, na ya nyuma vilevile, lakini jumla ya wiki imeshuka kutoka 86 hadi 46. Kijana alikodoa macho. Alikuja kutafuta kazi zaidi, akapewa nusu.

Sasa tuangalie ni mazoezi gani. Watu wengi wakitaka mkono mnene hukunja, wakakunja, na kukunja tena mbele ya kioo. Misuli ya nyuma ndiyo mikubwa zaidi katika mkono wa juu, nayo ina vichwa 3. Kimoja kati ya hivyo, kile kirefu, kinaanzia kwenye mfupa wa bega, na hunyooka sana mkono unapokuwa umeinuliwa juu. Mwaka 2022 watafiti wa Japani walichapisha jaribio la wiki 12 ambamo kila mtu alizoeza mkono mmoja kwa kunyoosha kiwiko juu ya kichwa, na mkono wa pili kwa kukinyoosha ukiwa chini ubavuni. Mkono uliozoezwa juu ulikua kwa takriban asilimia 20, na ule wa chini kwa asilimia 14, ingawa wa juu ulitumia uzito mdogo zaidi. Kijana wetu hakuwahi kufanya zoezi hilo hata siku moja. Yeye alikuwa akisukuma kamba kwenda chini tu.

Basi Jumatatu na Ijumaa ashike dambeli moja kwa mikono yote miwili, aishushe polepole nyuma ya kichwa hadi ahisi nyuma ya mkono imevutika, kisha anyooshe. Achague uzito unaomruhusu marudio 10 hadi 15, na aache yakiwa yamebaki 2 ambayo angeweza. Asianze nalo kiwiko kikiwa baridi. Afanye kwanza seti 2 nyepesi za kusukuma kamba chini ili damu ipite. Kwa misuli ya mbele, kochi alimnyang'anya chuma kilichonyooka, kwa kuwa kinalazimisha viganja vielekee juu kabisa na kuvuta upande uleule wa ndani unaouma. Akampa dambeli, seti nusu viganja vikielekea juu, nusu vikitazamana. Seti ya mbele ifuatwe na ya nyuma, dakika 1 katikati, na muda wa jimu hautazidi saa 1 na robo.

Lakini kabla ya hayo yote, wiki 2 za kupumzisha kiwiko. Afanye kila kitu kingine na asikunje chochote kinachomletea maumivu. Ikiwa baada ya hapo bado kinauma anapobonyeza ule mfupa wa ndani au anapokamua kitambaa, aende hospitali, asisubiri ratiba ya gazeti.

Mwezi nao ukaingia katika hesabu, na hapa ndipo mzee yule alinifurahisha. Ratiba ianze wiki ya mwezi mpevu, kijana akiwa hana nyavu. Wiki ya 2 na ya 3 ni za giza, anavua, kwa hiyo abaki kwenye seti 10 na 10 bila kuongeza hata moja, na Jumatatu akiamka na vidole vigumu aache seti 2. Wiki ya 4 na ya 5 mwezi unapevuka tena, naye analala nyumbani. Hapo ndipo apande hadi 14 na 14, nyongeza zote ziwe Jumatatu na Ijumaa. Jumla ya wiki inafika 54, bado chini ya ile 66 aliyoizoea. Wiki ya 6 nyavu zinarudi, ashuke kwenye 10. Wiki ya 7 afanye nusu ya kila kitu, kisha arudie ratiba yake ya kawaida.

Chakula hakina siri. Kwa uzani wake, gramu 115 hivi za protini kwa siku zinamtosha. Zaidi ya nusu ya uzani wa omena iliyokaushwa vizuri ni protini, nayo anaipata kwa baba mdogo bila kulipa. Nilimshauri asitumie pesa za karo kununua mikebe ya unga yenye picha za Wazungu.

Na kuhusu kupima, kijana alikuwa akipima mara tu amalizapo mazoezi, mkono ukiwa umejaa damu. Kipimo hicho kinadanganya. Apime asubuhi kabla ya chai, siku ileile ya wiki, mahali palepale katikati ya mfupa wa bega na kiwiko, na aweke alama ya kalamu ili kamba isihame. Kwa mtu wa mwaka wa 3, nusu sentimita kwa wiki 6 ni mavuno mema. Ikiwa kamba haijasogea lakini dambeli ya nyuma ya kichwa imepanda kutoka kilo 16 hadi 20 kwa marudio yaleyale, mkono unafanya kazi, na ni afadhali asubiri mwezi mmoja zaidi kabla ya kukata tamaa. Ikiwa kamba haijasogea na uzito haujapanda, basi ni usingizi au chakula, na kuongeza seti hakutamsaidia.

Tulipoagana alikuwa akiuliza mwezi utapevuka lini.